Kabla Hujamwita Mheshimiwa Patroni: Kuweka Mipaka ya Maneno Katika Insha ya Siasa za Kabondo

Mwanafunzi wa sayansi ya siasa Kisangani akitafuta mada ya karibu, mara nyingi huangukia kichwa cha aina hii: «Klientelismu na uongozi wa mitaa: mfano wa komini ya Kabondo». Kichwa si kibaya. Kabondo ni moja ya komini sita za mji, na ina siasa ya kujaza insha kumi. Shida huanza ukurasa wa tatu, pale mwandishi anapoandika kwamba klientelismu ni mfumo ambao viongozi hugawa zawadi kwa raia ili wabaki madarakani, jambo linalozuia maendeleo. Baada ya sentensi hiyo kila kitu kinaingia: vitenge vya kampeni, transfoma iliyoletwa na mbunge, mpwa aliyeingizwa kazini, bia ya Jumapili, mkutano wa watu wa kabila moja. Kufikia hitimisho, mwandishi amegundua kwamba klientelismu inazuia maendeleo. Angekosaje kugundua, wakati yeye mwenyewe aliiweka humo tangu ukurasa wa tatu?

Ushauri wangu wote unahusu ukurasa huo wa tatu. Maana uliyoiandika pale ni lazima iwe na uwezo wa kukataa. Yaani ukitembea avenyu kwa avenyu na maana yako mkononi, ikubali baadhi ya unayoyaona na mengine iyatupe nje. Maana isiyotupa kitu nje haikusaidii kuchunguza lolote. Na lile neno «kuzuia maendeleo» liondoe kabisa kwenye maana. Hilo ni tokeo, na tokeo ndilo unalokwenda kulitafuta. Ukilitia ndani tangu mwanzo umejijibu kabla ya kuuliza.

Katika makala haya nitatumia «uteja» kwa klientelismu na «ufadhili» kwa patronaji. Ni vitu viwili, ingawa vinaishi nyumba moja.

Tuanze na uteja. Jean-François Médard, aliyeandika makala yake maarufu juu ya uhusiano wa aina hii mwaka 1976, aliueleza kama utegemezi wa mtu kwa mtu, usiotokana na undugu wa damu, ambamo watu wawili wenye uwezo usiolingana hupeana fadhila. James Scott alikuwa ameandika jambo la karibu na hilo mwaka 1972 kuhusu Asia ya Kusini-Mashariki. Waliokuja baadaye, akiwemo Allen Hicken mwaka 2011, walikusanya maandishi yote hayo na kuonyesha kwamba mambo manne hurudi karibu kila mahali: uhusiano ni wa watu wanaojuana, moja kwa moja au kupitia mtu wa kati; hauko sawa, mmoja yuko juu na mwingine chini; unajirudia; na una sharti, yaani hiki kinatolewa kwa sababu kile kinarudishwa.

Mwanafunzi hunakili mambo manne hayo, anaweka jina la Hicken, kisha anaendelea na safari yake kana kwamba hakuyaandika. Hapo ndipo ningemwomba asimame. Hayana uzito sawa. Uhusiano usio sawa utaukuta kila mahali Kisangani, hata kati ya mwalimu na mwanafunzi wake. Kujuana ndiyo hali ya kawaida ya mtaa. Linalotenganisha uteja na ukarimu, na sera, na kampeni ya kawaida, ni sharti. Kwa hiyo, kwa kila tukio unalotaka kuliita uteja, uliza swali moja tu: yule asiyetoa kura anapoteza nini, na nani anayemnyima?

Chukua transfoma. Kisangani inapata umeme kutoka bwawa la mto Tshopo, na anayeishi mjini anajua kwamba transfoma ikiungua, mtaa mzima unaweza kukaa gizani muda mrefu. Tuseme mheshimiwa analeta transfoma mpya, anaikabidhi mbele ya kamera, jina lake limepakwa rangi ubavuni. Mwandishi anaandika: uteja. Sasa uliza swali. Mama wa nyumba ya tano, ambaye kila mtu anajua kwamba alimpigia kura mpinzani, anakatwa waya? Hapana, taa yake inawaka kama ya jirani. Basi huu si uteja. Ni mali iliyoelekezwa mahali fulani kwa matumaini ya kura, siasa ya kupendelea eneo, na ina maandishi yake mengine ya kitaaluma. Lakini ukigundua kwamba transfoma ilipelekwa avenyu moja badala ya nyingine baada ya matokeo ya ofisi za kupigia kura kubandikwa ukutani, na kwamba mjumbe wa mheshimiwa alikuwa amewaambia watu wazi kwamba itakuwa hivyo, mambo yanabadilika. Sharti lipo, ila limewekwa kwa kundi badala ya mtu. Hapo lazima maana yako iseme mapema kama inakubali sharti la kundi au la. Mimi ningelikubali, kwa sababu kura ya mtu ni ya siri lakini karatasi ya matokeo ya ofisi hubandikwa hadharani, na yeyote anaweza kwenda kuisoma na kalamu mkononi. Mwingine atakataa. Kosa ni kutoamua.

Sasa vitenge, chumvi, fulana na noti za kampeni. Hapa wengi huhisi wako nyumbani, na ndipo wanapoteleza zaidi. Mgombea anagawa kwa umati. Hajui nani kachukua, na wapinzani wake wanagawa pia. Watu wanapokea kutoka kwa wote na kupiga kura wanavyotaka. Sharti liko wapi? Eric Kramon alichunguza jambo hili nchini Kenya, na katika kitabu chake cha 2018 anaonyesha kwamba wagombea hugawa pesa hata pale ambapo hawana njia ya kujua nani kampigia nani. Maelezo yake ni kwamba mgao ni ishara: mpiga kura anamwangalia mgombea na kujiuliza kama huyu ana uwezo wa kuleta kitu na ana moyo wa kuwakumbuka wadogo. Asiyegawa anaonekana hana kitu. Ukisoma hivyo, noti ya kampeni inakaribia kuwa tangazo la biashara. Huenda Kabondo ni hivyo, huenda sivyo. Ni swali zuri la utafiti, lakini limefungwa mlango ikiwa maana yako imeshasema kwamba kila zawadi ni uteja.

Kuna kisa kimoja kinachopaswa kukusumbua kidogo, nacho ni shahidi wa mgombea. Siku ya kura vyama na wagombea huweka mashahidi katika ofisi za kupigia kura, na kijana wa mtaa analipwa kwa kazi ya siku hiyo. Ni uteja? Anatoa kazi, anapokea malipo. Anasimama, anahesabu, anasaini. Kama ni hivyo tu, ni kibarua. Lakini akiambiwa kwamba atalipwa baada ya matokeo, na malipo yatategemea mgombea amepata kura ngapi katika ofisi ile, basi sharti limeingia na kijana amegeuka kuwa mtu wa kati wa mgombea. Tukio ni lile lile kwa nje. Utalitofautisha tu kwa kuuliza alilipwa lini na kwa kipimo gani, maswali mawili ambayo hayapatikani katika hojaji nyingi.

Kwa upande wa pili kuna mambo yanayonuka pesa lakini yasiyo uteja hata kidogo. Machi 2019, baada ya wabunge wa majimbo kuwachagua maseneta, malalamiko ya kura kununuliwa yalikuwa makali hadi rais Félix Tshisekedi akasimamisha kwa muda kuingia kazini kwa maseneta hao. Mwanafunzi anayeliita jambo hilo uteja amechanganya. Mbunge wa jimbo si mnyonge mbele ya mgombea useneta. Yeye ndiye mwenye bidhaa na anaweza kupandisha bei. Wakimalizana, kila mmoja anaenda zake. Hakuna juu na chini, hakuna kurudiarudia. Ikithibitika, ni rushwa, na inatosha kuiita hivyo. Rushwa hupimwa kwa sheria iliyovunjwa, uteja hupimwa kwa namna watu walivyofungamana. Vinaweza kukutana, lakini kimoja hakikuhakikishii kingine.

Tuje kwenye ufadhili, ambao kwa maoni yangu ndio wenye utajiri zaidi Kabondo, na ndio unaoandikwa vibaya zaidi. Susan Stokes anaupambanua kwa njia ninayoipenda kwa sababu ni kavu: mfadhili ni mtu aliyeshika ofisi, na anachogawa ni mali ya umma. Mgombea tajiri asiye na cheo anaweza kuwa na wateja. Hawezi kufadhili kwa maana hii, kwa sababu hana ofisi ya kugawa. Hivyo ufadhili ni tawi la uteja, lile linalotumia dola kama ghala. Wako waandishi wengine, hasa wanaochunguza vyama vya Ulaya, wanaotumia neno hilo kwa uwezo wa chama kuteua watu katika vyeo, bila kuuliza kama kuna kura inayorudi. Maana zote mbili ni halali. Usitumie moja ukurasa wa kumi na nyingine ukurasa wa arobaini.

Kwa nini kazi, hasa? James Robinson na Thierry Verdier walitoa jibu ambalo linafaa kukaa kwenye meza ya kila anayeandika juu ya siasa za mji wetu. Ahadi kati ya mwanasiasa na mpiga kura ni dhaifu pande zote mbili, maana kila mmoja anaweza kumgeuka mwenzake baada ya kupata chake. Barabara ikishajengwa haiondolewi. Kitenge kikishashonwa hakirudi. Kazi, kinyume chake, inaweza kupewa mtu mmoja na si jirani yake, na inaweza kuondolewa kesho. Aliyeipata ana sababu ya kutaka mfadhili wake abaki kitini kila siku ya mwaka, hata mbali na msimu wa kampeni.

Sasa angalia ofisi ya komini. Congo ina wafanyakazi wa umma walio kwenye orodha ya mishahara, wanaoitwa «mekanize», na wana wenzao wanaoitwa NU, wapya wasiolipwa, wanaofanya kazi mwaka baada ya mwaka wakisubiri kuingizwa. Mgeni atauliza: mtu anamshukuruje mfadhili kwa kazi isiyo na mshahara? Anamshukuru kwa sababu kazi ile inampa daftari, muhuri, na haki ya kusimama sokoni akidai ushuru wa meza kwa mama muuza mihogo. Anachokula kinatoka hapo. Na kwa kuwa hayuko kwenye orodha ya Kinshasa, hakuna barua ya kumfukuza inayohitajika. Anaambiwa tu kwamba kesho asije. Kwa kipimo cha Robinson na Verdier, NU ni ufadhili ulio safi kuliko wa mekanize, kwa sababu unaondolewa kwa urahisi zaidi. Hilo ni dai linaloweza kupingwa kwa ushahidi: linganisha NU na mekanize katika idara moja, uone nani alionekana kwenye mikutano ya kampeni na nani alibaki nyumbani. Hutaweza kuliandika kama maana yako inasema ufadhili ni «viongozi kuwapa watu wao vyeo».

Hapa pia ndipo undugu unapogonga mlango. Mkubwa kamwingiza mpwa wake. Médard aliutenga undugu kwa makusudi, kwa sababu mpwa ana madai yake hata bila kura. Angeingizwa hata kama uchaguzi usingekuwepo, na mjomba angelaumiwa na ukoo asipomwingiza. Katika mji wenye vyama vya kusaidiana vya kila asili, mpaka huu hauko wazi, maana mwanachama wa chama hicho ni ndugu kwa jina na mpiga kura kwa hesabu. Sitakuambia uufuate mstari wa Médard kwa ukali. Ninachosema ni kwamba uutaje, kisha useme utafanyaje ukikutana na kisa cha katikati. Njia moja ni kuuliza kama yule aliyeshindwa kutoa msaada wa kisiasa ameendelea kuhudumiwa kama ndugu. Mpwa aliyempigia debe mpinzani na bado analipiwa hospitali na mjomba wake ni ndugu.

Tahadhari moja ya kihistoria. Wanafunzi hupenda kuanzia Novemba 30, 1973, Mobutu alipotangaza zairianizasyo na biashara za wageni zikagawiwa kwa watu wake. Ni mfano mzuri wa ufadhili: mgawaji ana ofisi, kinachogawiwa kinapitia dola, mpokeaji anajua kwamba kinaweza kuondolewa. Lakini kutoka hapo huruka hadi kusema kwamba kila tajiri wa Kisangani ametokana na siasa. Janet MacGaffey alifanya utafiti mjini humu, na kitabu chake cha 1987 kinaonyesha kinyume: pamoja na waliopata mali kwa cheo, alikuta wafanyabiashara, wanawake wakiwemo, waliojijenga kwa uchuuzi na usafirishaji bila kutegemea cheo cha kisiasa. Aliweza kuwaona kwa sababu hakuanza na dhana inayowameza wote. Soma kitabu hicho kabla ya kugusa Kabondo.

Maana yenyewe iandikwe vipi? Hii hapa aya moja ya mfano, irekebishe uwezavyo: «Katika insha hii, uteja ni mpangilio unaojirudia ambamo mtu mwenye uwezo mkubwa zaidi humpa mtu au kundi dogo linalotambulika manufaa, kwa sharti, lililosemwa au linaloeleweka na pande zote, kwamba watamwunga mkono kisiasa, na wasipofanya hivyo manufaa yataondolewa au hayatarudiwa. Ufadhili ni uteja ambamo mtoaji ameshika ofisi ya umma na manufaa yanatoka katika ofisi hiyo. Miradi inayomfaidi kila mkaaji wa eneo bila kujali kura yake, zawadi za kampeni zisizofuatiliwa, na misaada ya ndugu isiyokoma kwa sababu za kisiasa, haimo.» Sentensi ya mwisho, ya vilivyotupwa nje, ndiyo msomaji wako mkali ataisoma kwanza. Wengi huiacha.

Kila kipande cha maana hiyo kinadai swali lake nyanjani. «Unaojirudia» inadai uulize uhusiano ulianza lini na ulifanyika nini kati ya uchaguzi wa 2018 na wa 2023. «Kundi linalotambulika» inadai ujue kama chama cha watoleka, wale waendesha baiskeli za abiria, kilipokea kitu kama chama au mmojammoja. «Yataondolewa» inadai utafute walioondolewa, na hao ndio wagumu kupatikana. Waliobaki kazini watakuambia kuna amani. Mtafute NU aliyeambiwa asije, na mwenyekiti wa chama aliyebadilishwa baada ya kura. Kisa kimoja cha adhabu, kilichothibitishwa na watu wawili wasiojuana, kina uzito kuliko hadithi ishirini za zawadi. Na majina ya hao watu yasitokee popote katika insha. Mtaa ni mdogo na ofisi ina masikio.

Ukitaka hesabu badala ya visa, jihadhari zaidi. Watu hawakiri kupokea. Nicaragua, baada ya uchaguzi wa mitaa wa 2008, watafiti waliuliza moja kwa moja na ni asilimia 2.4 tu waliokubali kwamba walipewa zawadi kwa ajili ya kura. Kisha wakatumia orodha: nusu ya watu walisomewa shughuli nne za kampeni, nusu nyingine wakasomewa zile zile na ya tano ikiwa zawadi, na kila mtu akataja tu ni ngapi zilimpata bila kusema zipi. Tofauti ya wastani wa makundi hayo mawili iliwapa karibu asilimia 24. Mbinu hiyo inaweza kutumika Kabondo bila gharama kubwa, ingawa kwa sampuli ya watu mia moja haitakuambia kitu. Ila kumbuka inapima nini: kupewa zawadi. Kwa maana tuliyoiandika juu, zawadi isiyofuatiliwa si uteja. Utakuwa umepima kwa uangalifu mkubwa jambo ambalo sura yako ya kwanza imelitoa nje, na mjumbe mmoja wa baraza la mtihani atakuuliza hivyo bila kutabasamu. Ongeza basi swali la sharti katika orodha, kwa mfano kama kuna mtu aliyemwambia mhojiwa kwamba atajua alivyopiga kura.

Kabondo ina faida moja ambayo vitabu vya uteja vilivyoandikwa kuhusu Argentina na Benin havina. Sheria ya Oktoba 7, 2008 juu ya mamlaka za mitaa inasema mkuu wa komini achaguliwe na baraza la komini, lakini kwa miaka mingi mabaraza hayakuwepo na wakuu wa komini waliteuliwa kutoka juu. Mkuu aliyeteuliwa hivyo hahitaji kura ya mtu wa mtaani. Akimpa kijana daftari la ushuru, kijana anamlipa nini? Pengine sehemu ya makusanyo, pengine utii, pengine umati siku mkubwa wa juu anapotembelea. Kama maana yako inadai kura, yote hayo yanatoka nje. Kama inadai uungaji mkono wa kisiasa kwa upana, umati unabaki ndani na sehemu ya makusanyo inatoka, kwa kuwa hiyo ni pesa tu. Disemba 2023, kwa mara ya kwanza chini ya katiba ya 2006, wakaaji wa komini za miji mikuu ya majimbo walichagua madiwani. Mtu wa kati ambaye awali alimtazama mteule mmoja, sasa ana madiwani kadhaa wanaohitaji jina lake kwenye avenyu. Andika maana moja, itumie bila kuibadilisha kabla na baada ya Disemba hiyo, na uangalie ni visa vipi vilivyokuwa nje ambavyo sasa vimeingia.